Kukanda Kichwa na Ukuaji wa Nywele: Tutarajie Nini?



Wasomaji watukufu, wiki hii nimeazimia kulizungumzia jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa la wanawake peke yao, nalo ni kukanda ngozi ya kichwa ili nywele ziote na kurefuka. Jibu langu nalitanguliza mapema. Kukanda kwaweza kuunenepesha unywele uliopo kwa kiasi kidogo mno, na humpumzisha mwenye kukandwa. Lakini haijathibitika kwamba kunaongeza idadi ya nywele wala kuziharakisha kukua. Nywele nyingi zinazosemekana kuoteshwa kwa kukandwa zilikuwa zikirudi zenyewe kwa wakati wake. Jibu hili lingeweza kutosha kwa mistari hii michache, ila nimeshuhudia kutojulikana kwake kukikaribia kuitenganisha nyumba, na ndiyo sababu nataka tulifuate hatua kwa hatua.

Binti wa ndugu yangu aliolewa na kijana wa huku kwetu Pwani ambaye ni karani katika kiwanda kimoja cha majani chai, katika nchi ile ya vilima iliyo kati ya Kericho na Bomet. Mwaka jana, mwanzoni mwa Februari, alijifungua mtoto wa kwanza kulekule bara, kwa kuwa daktari alimkataza safari ndefu. Mzazi wa Pwani, kama mjuavyo, katika siku zake arobaini hupata mtu mzima wa kumkanda: hukandwa kiuno, tumbo na miguu, na kichwa hutiwa mafuta ya nazi kikachuliwa taratibu. Binti yetu hakuyapata hayo yote. Alikuwa na mumewe, na jirani mmoja Mkipsigis, mchuma majani chai, ambaye naye alijifungua mwezi uleule.

Arobaini ikapita kwa salama. Katikati ya Mei, mtoto akiwa na umri wa miezi mitatu na nusu, nywele za mama zikaanza kutoka. Hazikutoka moja moja. Kila akipitisha kitana zilijaa meno yote, na juu ya mto asubuhi zilionekana kama mtu alizikata akazitawanya. Alimpigia mama yake simu akilia. Shemeji yangu, kwa uchungu wa mzazi, akakata shauri palepale: mwana amekosa kukandwa, amekaa katika baridi, na tena huenda pana jicho la mtu. Akataka binti arudishwe Mombasa akakandwe upya. Mume akahisi anatuhumiwa kuwa ameshindwa kumtunza mke, na jirani yule masikini, aliyekuwa akileta maziwa kila asubuhi, akaanza kutazamwa kwa shaka. Wakati huohuo mwuzaji mmoja wa mafuta kwa njia ya simu akawa amekwisha kupokea shilingi 1,500 za chupa moja, kwa ahadi kwamba nywele zingejaa kwa wiki mbili.

Nilipofika huko mwishoni mwa Juni niliombwa nimsomee binti, nami nikamsomea, kwani dua ni haki ya kila mwenye dhiki. Lakini dua haimpi mtu ruhusa ya kumtuhumu jirani pasi na dalili, na dalili zilizokuwapo zilielekeza mahali pengine kabisa.

"Ami," aliniuliza, "nitakuwa na upara?"

Nikamwambia tuhesabu kwanza miezi, kisha tuhesabu nywele.

Tuanze na miezi. Kila unywele una maisha yake, na maisha hayo yana vipindi vitatu. Kipindi cha kwanza ni cha kukua, nacho huchukua miaka kadhaa, aghalabu baina ya miwili na sita. Cha pili ni kifupi, wiki mbili au tatu tu, ambapo shina hujikunja na kuacha kazi. Cha tatu ni cha kupumzika, kama miezi mitatu, kisha unywele huanguka na mwingine huanza kuota katika kinyweleo kilekile. Kwa mtu mwenye afya, nywele karibu 9 katika kila 10 zimo katika kukua, na zile chache zilizopumzika ndizo tunazozipoteza kila siku, baina ya 50 na 100, bila ya kujua.

Mimba huibadilisha hesabu hii. Homoni za mama mjamzito huzizuia nywele zisiende kupumzika, na ndiyo maana wajawazito wengi husifiwa kwa wingi wa nywele. Akishajifungua, homoni zile hushuka kwa ghafla, na nywele zilizochelewa huingia kupumzika kwa pamoja, kama wafanyakazi waliokatazwa likizo mwaka mzima kisha wakaipata siku moja. Kwa kuwa kupumzika huchukua kama miezi mitatu, mama hayaoni matokeo wakati wa kujifungua wala katika arobaini yake. Huyaona mwezi wa tatu au wa nne, wakati ambapo amekwisha kusahau chanzo na yuko tayari kulaumu baridi, maji, au jirani. Homa kali, upasuaji mkubwa, au kupungua uzito kwa haraka pia huleta hali kama hii, na kwa kuchelewa kulekule.

Kwa hiyo binti yetu, aliyejifungua Februari na kuanza kunyonyoka Mei, hakuwa na ugonjwa wa ajabu. Alikuwa amefuata kalenda. Nikamkumbusha shemeji kwa simu, kwa heshima zote, kwamba wazazi wa Mombasa na Lamu waliokandwa siku zote arobaini hunyonyoka vilevile mtoto akifika miezi mitatu au minne. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kweli, hata mimi kwa kifunguamimba wangu ilikuwa hivyo." Kukandwa kwake hakukuzizuia nywele kutoka, kukosa kukandwa kwa binti yake hakukuzitoa.

Sasa tuhesabu nywele. Nilimwomba binti atandike karatasi nyeupe, achane mara moja asubuhi, akusanye kila unywele na kuuhesabu. Siku ya kwanza alipata 190. Tukaziangalia ncha zake. Nyingi zilikuwa na kijitone cheupe upande wa shina, na hiyo ndiyo alama ya unywele uliomaliza muda wake ukaanguka mzima. Lau zingekuwa vipande vifupi visivyo na kijitone hicho, tungejua kwamba hazitoki bali zinakatika, na sababu ingekuwa dawa za kulainisha, pasi ya moto, au kuchanwa kwa nguvu. Tofauti hii ni muhimu kwa mwenye kutaka kukanda, kwa maana nywele zinazokatika huzidishiwa madhara na msuguano wa vidole.

Baada ya hapo ndipo tukafika kwenye swali lenyewe: je, akande?

Wataalamu wamejaribu kulijibu swali hili kwa vipimo. Mwaka 2016 watafiti wa Japani walitoa matokeo ya jaribio lililohusu wanaume 9 wenye afya. Walikandwa ngozi ya kichwa kwa chombo maalumu dakika 4 kila siku kwa muda wa wiki 24. Mwishoni unene wa unywele ulikuwa umeongezeka kutoka wastani wa milimita 0.085 hadi 0.092. Maelezo yao ni kwamba kukanda huivuta ngozi, na mvuto ule huzifikia chembe zilizo chini ya shina la unywele, zikaamshwa kufanya kazi zaidi. Habari hii ndiyo inayotangazwa na wauzaji wengi. Wasichokitangaza ni mambo matatu: kwamba watu walikuwa 9 tu, kwamba idadi ya nywele zao haikuongezeka wala kasi ya kukua, na kwamba hawakuwa watu wa kunyonyoka nywele. Nyongeza yenyewe ni sehemu 7 za elfu moja za milimita. Haionekani kwa unywele mmoja, na katika kichwa kizima huenda mtu akaihisi mkononi kabla ya kuiona kiooni.

Jaribio jingine lilifanywa Aberdeen, Uskochi, na kuchapishwa mwaka 1998. Hili liliwahusu watu 86 wenye upara wa viraka, ambao hutokea kinga ya mwili inaposhambulia mashina ya nywele. Wote waliambiwa wajikande kila usiku kwa muda wa miezi 7. Nusu yao walikanda kwa mafuta yaliyochanganywa na manukato ya mimea kama mrujuani na rozmari, na nusu kwa mafuta matupu. Waliotumia mchanganyiko, 19 kati ya 43 walipata nafuu. Waliokanda kwa mafuta matupu, walionufaika walikuwa 6 kati ya 41. Tazameni vizuri hao wa pili. Walikanda kama wenzao, usiku baada ya usiku, na wengi hawakupata kitu. Na hata hao 6 hatuwezi kusema ni kwa mkono, kwa kuwa ugonjwa ule huweza kupona wenyewe.

Nilimweleza binti haya, nikamwambia: kanda ukipenda, kwa sharti ujue unachokipata. Utapata utulivu, na mzazi mwenye usiku mfupi anauhitaji. Huenda baada ya miezi sita ukapata unene kidogo. Kurudi kwa nywele zilizoanguka ni kazi ya mwili wako, na itafanyika ukikanda au usikande.

Akachagua kukanda, na namna yake nitaieleza kwa kuwa wengi hukosea. Tatizo la kwanza lilikuwa mafuta. Kericho iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mafuta ya nazi huganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi. Chupa aliyopelekewa kutoka nyumbani ilikuwa nyeupe na ngumu kama mshumaa, naye akadhani yameharibika. Hayakuharibika. Chupa huwekwa ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu kwa dakika chache, yakarudi kuwa maji. Wala yasichemshwe jikoni, maana mafuta ya moto huunguza ngozi. Kijiko kimoja cha chai kinatosha. Faida ya mafuta haya ni kwa unywele uliokwisha kuota: huingia ndani yake na kupunguza upotevu wa protini wakati wa kuosha, ukawa haukatiki upesi. Hayamo katika kuotesha.

Kisha vidole. Kinachotakiwa kusogea ni ngozi ya kichwa juu ya mfupa. Nywele hazitakiwi kusuguliwa. Mtu huweka ncha za vidole, si kucha, akabana kwa nguvu ya wastani, akaizungusha ngozi mahali hapo mara kadhaa bila ya vidole kuteleza, kisha akahamia pengine: kutoka paji la uso hadi utosini, pande mbili juu ya masikio, na kumalizia kisogoni. Dakika 4 au 5 kwa siku zinatosha. Ikiwa vidole vinarudi na vipande vya nywele vilivyokatika, au ngozi inabaki nyekundu na kuuma, basi nguvu imezidi. Na misuko ifumuliwe kwanza. Kukanda juu ya misuko iliyobana ni kuongeza mvuto juu ya mvuto.

Alianza mwanzoni mwa Julai. Kila Ijumaa kabla ya kuoga alirudia hesabu ya karatasi, siku ileile na kitana kilekile, kwani anayehesabu leo bila ya kuosha na kesho baada ya kuosha hulinganisha vitu viwili tofauti. Julai ilipokwisha alikuwa na 150, na mwisho wa Agosti alipata 70. Septemba vinywele vifupi, vilivyosimama kama majani machanga, vikaonekana juu ya paji lake la uso. Januari, mtoto akikaribia kutimiza mwaka, fundo la nywele lilikuwa limerudi karibu na unene wake wa zamani.

Hapa shemeji yangu alifurahi na kusema, "Umeona kukanda kulivyofaa!" Nami nikamwomba amtazame jirani. Mama yule wa Kikipsigis alijifungua mwezi uleule, akanyonyoka tangu mwezi uleule, wala hakukanda hata siku moja; alirudi mapema kwenye mashamba ya chai, akawa hufunga kitambaa kichwani na kwenda zake. Naye kufikia Januari alikuwa na vinywele vilevile juu ya paji la uso. Watu wawili si utafiti, lakini wanatosha kutuzuia tusiupe mkono sifa iliyo ya miezi. Wakati huo yule jirani aliyetiliwa shaka alikuwa amekwisha kualikwa chai na biriani, na neno la jicho halikutajwa tena.

Lau hadithi ingeishia hapo ningesema kukanda hakuna dhara. Lakini alikuwapo pia dada mkubwa wa yule jirani, naye kwake kukanda kulikuwa na gharama. Kwa miaka mingi alisuka nywele zilizobanwa sana, akiunganisha na nywele za bandia zenye uzito. Mstari wa nywele ulikuwa umerudi nyuma juu ya masikio yote mawili. Alikuwa amekanda mafuta mahali hapo kwa miaka miwili, na huku akiendelea kusuka vilevile. Huu ni upara wa kuvutwa. Mwanzoni huweza kurudi, na dawa yake ya kwanza ni kuacha kubana. Ukichelewa, kinyweleo hufa na kuwa kovu. Alama ya kuchelewa ni ngozi iliyo laini na yenye kung'aa, ambayo hata ukiitazama kwa karibu huoni matundu ya nywele. Pa mbele yake palikuwa hivyo. Nyuma kidogo matundu bado yalionekana. Kwa ile ya mbele, hakuna mkono wala mafuta yatakayoirudisha. Kwa ile ya nyuma, miaka miwili ya kukanda ilikuwa miaka miwili ya kutofumua. Mabinti zetu wanaovuta nywele kwa fundo kali chini ya mtandio kila siku walizingatie hili.

Wako wengine pia wasiofaa kukandwa. Mtoto wa madrasa mwenye mapunye, yaani viraka vyenye magamba na nywele zilizokatika karibu na ngozi, asikandwe. Hiyo ni kuvu, huenea kwa vidole, vitana na kofia, na kwa kichwani hutakiwa dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa kwa maelekezo ya hospitali, mafuta hayaimalizi. Mwanamume ambaye nywele zinapungua utosini na kwenye pembe za paji kama za baba yake ana upara wa urithi, unaotokana na homoni, na kukanda hakuondoi chanzo hicho. Ipo dawa ya kupaka iitwayo minoksidili ambayo huwasaidia baadhi, ila manufaa yake hudumu kwa muda wa kuitumia tu. Na mama aliyejifungua ambaye mwaka umepita na bado ananyonyoka, au anachoka kupita kiasi, akapimwe damu na tezi ya shingoni, kwa kuwa upungufu wa madini ya chuma na maradhi ya tezi hutoa nywele pia.

Imebaki ahadi ya wiki mbili. Nywele za watu wetu hukua wastani wa robo ya milimita kwa siku, yaani karibu milimita 8 kwa mwezi. Kwa wiki mbili ni milimita 3 na nusu hivi, upana wa punje ya mchele mara mbili. Kinyweleo kilichopumzika chahitaji pia miezi yake kabla ya kuanza. Anayeuza nywele za wiki mbili anauza kitu ambacho mwili hauna. Mwenye kuanza kukanda leo na aiandike tarehe, ahesabu kwa karatasi mara moja kwa wiki, na asihukumu kabla ya miezi sita. Na akiona nywele zimerudi, ajiulize kwanza ni tukio gani lililotokea miezi mitatu kabla hazijaanza kutoka. Aghalabu jibu litakuwa hapo.